Klomidi si dawa ya mapacha

Wifi yangu kanitumia tangazo linalozunguka kwenye magrupu ya akina mama. Picha ya watoto wawili waliovalishwa sare, chini yake pameandikwa: "Vidonge vya mapacha, matokeo mwezi wa kwanza, tunatuma mikoani." Akaongeza swali lake: "Wifi, hii ni kweli au ndiyo yale yale?"

Nikaikuza picha ya boksi. Klomidi! Klomifeni ya miligramu 50, dawa iliyoidhinishwa Marekani tangu 1967, leo imegeuzwa kuwa siri ya mama mmoja mwenye namba ya simu na emoji za maua. Na hakuna mahali kwenye tangazo zima mnunuzi anapoulizwa kama hedhi yake inakuja au haiji. Unatuma hela, unatumiwa mapacha.

Wifi ana mtoto mmoja wa miaka minne na hedhi yake ni ya siku 28, haimkosi. Anataka mapacha ili amalize kazi kwa mkupuo mmoja. Namwelewa. Uchungu mara moja, likizo ya uzazi mara moja, halafu mashangazi wanyamaze. Ila dawa hii haikutengenezwa kwa ajili yake, na ili aone kwa nini, ilibidi nimweleze inavyofanya kazi, maana "inapevusha mayai" haimwambii mtu kitu.

Kwanza, klomifeni haifanyi kazi yake kubwa kwenye ovari. Inafanya kwenye ubongo. Kila mwanzo wa mzunguko ubongo unapima estrojeni iliyomo kwenye damu. Ikiwa kidogo, unaamuru homoni ya kukuza mayai imwagwe, ile inayoandikwa FSH kwenye majibu ya maabara. Klomifeni inakwenda kukaa pale estrojeni inapopaswa kukaa, kama abiria aliyewahi siti ya dirishani akalala. Estrojeni ipo, lakini haina pa kukaa, na ubongo unaamini imeisha. Unaongeza FSH. Ovari zinasukumwa, na vile vifuko vidogo vyenye mayai vinaanza kukua.

Sasa, kwa nini mapacha? Hapa ndipo wauzaji wanapopata maneno bila kuujua wimbo. Katika mwezi wa kawaida, vifuko kadhaa huanza kukua pamoja. Kimoja kinatangulia, na kadiri kinavyokua kinatoa estrojeni nyingi zaidi. Ubongo ukiiona hiyo estrojeni unapunguza FSH. Kile kilichotangulia kimeshakuwa imara, kinamudu kuishi na kidogo kilichobaki. Vingine vinakufa. Ndiyo maana wengi wetu tunazaa mtoto mmoja mmoja: kuna breki.

Klomifeni inaondoa breki hiyo kwa muda. Kifuko cha kwanza kinatoa estrojeni yake, lakini ubongo hauioni vizuri, kwa hiyo FSH inabaki juu siku kadhaa za ziada. Na dawa haitoki mwilini siku unapomeza kidonge cha mwisho. Nusu yake huchukua takriban siku tano kutoka, na mabaki yake yanaweza kuonekana hadi wiki sita. Kifuko cha pili, ambacho kingekufa, kinapata nafasi ya kukomaa. Mayai mawili yanatoka, yote mawili yakirutubishwa na kujipandikiza, una mapacha. Watakuwa wale wasiofanana, kila mmoja na yai lake. Wale wa kufanana hutokana na yai moja lililogawanyika, jambo ambalo halitokani na breki hii. Kwa hiyo hata ile picha ya tangazo, watoto wamefanana kama sarafu, ni ya uongo.

Basi ni wangapi wanaopata? Katika mimba mia zilizopatikana kwa klomifeni, saba au nane hivi ni za mapacha. Bila dawa huwa moja au mbili. Ni kweli imepanda mara kadhaa, hilo nalikubali shingo upande. Lakini isome tena: zaidi ya tisini katika mia ni mtoto mmoja. Na hizo ni za waliopata mimba. Tangazo linasema mwezi wa kwanza.

Kuna shoga yangu, ambaye ameniruhusu niandike habari zake, yeye ndiye dawa hii ilitengenezwa kwa ajili yake. Hedhi ilikuja baada ya siku 50, mara nyingine miezi mitatu. Altrasaundi ilionyesha ovari zimejaa vifuko vidogo visivyokomaa. Daktari hakumwandikia chochote siku ile. Kwanza alitaka majibu ya mbegu za mume, na mume alinuna kama aliyeitwa polisi, akapima. Kisha mirija ikapigwa picha kuona kama iko wazi. Hatua hizi mbili ndizo zinazorukwa dukani, na kuziruka ndiko kunakokula hela za watu. Mirija ikiziba kwa sababu ya maambukizi ya zamani, unaweza kupevusha mayai hadi uzeeke, yai halina pa kupita.

Mirija ilikuwa wazi. Akaanza na kidonge kimoja cha 50 kila siku, kuanzia siku ya pili ya hedhi, kwa siku tano. Siku ya 12 akaenda altrasaundi: hakuna kifuko kilichozidi milimita 9. Baadaye wiki ya tatu ikapimwa projesteroni, ikawa chini, kumaanisha yai halikutoka. Mwezi uliofuata akapewa miligramu 100. Siku ya 12, ovari ya kulia ilikuwa na kifuko cha milimita 20, ya kushoto kimoja cha 17. Kinachotafutwa ni kuanzia 18 hivi.

Nilichopenda ni alichofanya daktari baada ya hapo. Alikaa naye akamwambia: "Mama, hapa kuna viwili, mapacha yanawezekana. Mko tayari?" Vingekuwa vitatu au vinne vikubwa, angewashauri wasikutane mwezi ule au watumie kondomu, kwa sababu watatu ni hatari ambayo hakuna anayeiombea. Waliendelea. Mimba ikaingia. Altrasaundi ya wiki ya saba: moyo mmoja ukidunda. Vifuko viwili, mtoto mmoja. Sasa muuzaji wa tangazo anaweza kuona nini kutoka kwenye simu yake?

Na mapacha wenyewe, jamani. Tunawapiga picha wakiwa na miezi sita, mashavu yamejaa. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, wengi wakiwa wadogo. Mama yao yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya presha ya mimba na ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Aliyebeba mapacha bila kutarajia anastahili kila msaada. Kumuuzia mtu hatari hiyo kama ofa ya sikukuu ni jambo lingine kabisa.

Turudi kwa wifi, ambaye anapevusha mwenyewe kila mwezi. Uskoti walifanya utafiti uliochapishwa 2008, wanawake 580 waliokuwa wakihangaika kupata mtoto bila sababu kujulikana. Walioachwa wajaribu wenyewe, 17 katika mia walizaa. Waliopewa klomifeni, 14 katika mia. Tofauti hiyo haitoshi kusema dawa iliwaharibia, lakini kusaidia haikusaidia. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba dawa hii inaizuia estrojeni hata sehemu inapohitajika: ukuta wa mji wa mimba unaweza kuwa mwembamba, na ute wa siku za hatari ukapungua au ukawa mzito. Unapata mayai mawili na pa kuyapandikiza hapafai.

Madhara ya kawaida ni mepesi, nisimtishe mtu. Kubwa ni joto la ghafla usoni na kifuani, karibu mmoja katika kumi, linalofanana na la wanaokoma hedhi kwa sababu ubongo umedanganywa vilevile. Tumbo kujaa, matiti kuuma, kichwa, kichefuchefu. Na hasira. Shoga yangu aliwahi kulia kwa sababu mume alinunua mkate usio wa siagi. Mume hakuelezwa na mtu yeyote kwamba ni dawa, na hilo pia ni la kulaumu.

Lakini kuna mawili ya kukimbilia hospitali. La kwanza ni macho: ukiona ukungu, madoadoa au miale ya mwanga, acha vidonge siku hiyohiyo, usimalizie "dozi", na usirudie tena dawa hii. Haiwapati wengi, hawafiki wawili katika mia. La pili ni tumbo kuvimba haraka na kuuma, kutapika, mkojo kupungua, pumzi kuwa fupi. Hapo ovari zimechochewa kupita kiasi. Kwa vidonge ni nadra kuliko kwa sindano, ila anayejiongezea vidonge viwili viwili kwa ushauri wa grupu anajitafutia. Na kama una uvimbe kwenye ovari au huna hakika kama tayari una mimba, kidonge hakiguswi kabla ya kupimwa. Hata kwa anayefaa, madaktari kwa kawaida hawazidishi mizunguko sita.

Nakubali pia, kwa taabu, kwamba watu hawaendi dukani kwa ujinga. Bingwa yuko mjini, foleni inaanza alfajiri, altrasaundi ni hela, na boksi la klomidi ni bei ya kuvumilika. Asiyepevusha akipata dawa hii sawasawa, karibu watatu kwa wanne watapevusha. Ni dawa nzuri. Ndiyo maana inaniudhi.

Wifi akaniuliza basi ipi bora. Kwa wenye tatizo la shoga yangu, siku hizi madaktari wengi wanaanza na letrozoli. Utafiti wa Marekani wa 2014, wanawake 750, ulionyesha waliozaa ni 27 na nusu katika mia kwa letrozoli, na 19 kwa klomifeni. Yenyewe haiukalii ubongo. Inapunguza utengenezaji wa estrojeni kwa muda, kisha inatoka mwilini ndani ya siku chache. Kifuko cha kwanza kikianza kukua, ubongo unakiona na breki inafanya kazi. Usishtuke ukisoma karatasi ya ndani ukakuta ni dawa ya saratani ya matiti. Ndiyo kazi iliyoidhinishiwa, na kwa uzazi madaktari wanaitumia kwa miligramu 2.5 au 5 kwa siku tano tu.

"Na mapacha?" akauliza. Nikamwambia mwelekeo ni kuwa wachache zaidi. Akanijibu kwa emoji ya kununa.