Shilingi mia na hamsini za Tandahimba: nani anapoteza kwenye mnada wa bei ya pili?

"Mnunuzi mmoja kaandika 3,900, wa pili kaandika 3,750, halafu mnataka mshindi alipe 3,750? Hizo mia na hamsini za mkulima mnampa nani?" Ndivyo alivyouliza mkulima mmoja wa korosho wa Tandahimba, mkoani Mtwara, baada ya kuelezwa mnada wa bei ya pili, yaani ule ambao aliyeandika bei kubwa anachukua mzigo lakini analipa bei ya aliyemfuata.

Jibu linaanzia kwenye hiyo 3,900 yenyewe. Mkulima anaichukulia kama namba iliyokuwepo tayari, ambayo ingeandikwa hata kama kanuni ya malipo ingekuwa nyingine. Isingeandikwa. Mnunuzi akijua atalipa kile alichoandika, haandiki kile anachokiona kuwa ni thamani ya mzigo, bali anapunguza.

Wenye umri wa kukumbuka enzi za sanduku la zabuni Mtwara na Lindi wanalijua hili kwa uzoefu. Korosho za stakabadhi ghalani zilikuwa zinauzwa kwa bahasha: kila kampuni inaandika bei na kiasi, sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima, na kila mshindi analipa bei yake mwenyewe. Ndiyo maana matangazo ya mnada yakazoea kutaja bei ya juu na bei ya chini kwa siku hiyohiyo na ghala hilohilo. Tangu msimu wa 2024/25 kazi imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lakini swali la nani alipe bei ya nani halibadiliki kwa kubadilisha sanduku kuwa kompyuta.

Tuchukue loti moja ya tani 100 ghalani. Mnunuzi amepiga hesabu zake kuanzia bei ya mteja wake wa Vietnam, akatoa usafiri, tozo, riba ya benki na gharama za bandari ya Mtwara, akaona kilo moja kwake haizidi shilingi 3,900. Akiipata kwa hiyo bei hapati faida wala hasara. Sasa yuko kwenye mnada wa bei ya pili, na hajui wenzake wameandika nini. Aandike ngapi?

Tuseme bei kubwa ya wenzake ni 3,750. Akiandika 3,900 anashinda, analipa 3,750, anabaki na 150 kwa kilo, sawa na shilingi milioni 15 kwa loti nzima. Angejifanya mjanja akaandika 3,800, angeshinda vilevile na kulipa 3,750 ileile. Ujanja haukumwongezea hata senti. Sasa tuseme mwenzake ameandika 3,850. Yule mjanja wa 3,800 ameshindwa, na ameacha milioni 5 ambazo zingekuwa zake. Geuza upande wa pili: aandike 4,050 ili awe na uhakika wa kushinda, na mwenzake awe ameandika 4,000. Ameshinda, lakini analipa 4,000 kwa kitu cha 3,900, na loti imemtia hasara ya milioni 10.

Jaribu namba nyingine yoyote, matokeo ni hayo. Kushusha dau hakupunguzi malipo, kunamnyima tu ushindi pale ambapo ushindi ungemlipa. Kupandisha hakumpi chochote isipokuwa ushindi wa hasara. Sababu ni kwamba dau lake linaamua kama anapata, na dau la mwenzake ndilo linaamua analipa ngapi. Mambo hayo mawili yakitenganishwa, hana haja ya kubashiri wenzake watafanya nini, wako wangapi, wala kama wana akili. Ndiyo maana wachumi wanasema kutaja thamani yako halisi ni mkakati unaotawala: hakuna hali ambamo mkakati mwingine unaushinda. William Vickrey ndiye aliyeuonyesha waziwazi mwaka 1961, na mwaka 1996 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa sehemu kubwa kutokana na kazi hiyo. Alifariki siku chache baada ya tuzo kutangazwa.

Turudi kwenye zile mia na hamsini. Tufanye wanunuzi ni wawili tu, na thamani ya kila mmoja inaweza kuwa popote kati ya 3,400 na 4,000 kwa uwezekano ulio sawa. Kwenye mnada wa kulipa ulichoandika, yule wa 3,900 akipiga hesabu vizuri ataandika 3,650, yaani nusu ya njia kutoka 3,400 hadi thamani yake. Kwenye mnada wa bei ya pili ataandika 3,900, na akishinda atalipa thamani ya mwenzake, ambayo iko mahali fulani kati ya 3,400 na 3,900. Wastani wake? 3,650. Wakiwa watano, kwenye bahasha ya kawaida ataandika 3,800, na kwenye bei ya pili wastani wa malipo yake akishinda unapanda hadi 3,800 pia. Kwa hiyo kwa wastani mkulima hakunyang'anywa kitu. Alichopewa ni wanunuzi wanaotaja namba za kweli, na mzigo unaokwenda kwa anayeuthamini zaidi badala ya anayebashiri vizuri zaidi. Ila mia na hamsini sasa zinaonekana, wakati kwenye bahasha ya kawaida hazikuonekana kwa sababu hazikuandikwa kabisa. Kuziona kunauma, na mimi siwalaumu wanaoumia.

Hapa ndipo mnada wa kupanda unapookoa mambo. Bei inaanza chini na kupanda hatua kwa hatua, kila mnunuzi anabaki hadi inapomshinda, na anayebaki peke yake anachukua. Yule wa 3,900 afanye nini? Abaki hadi 3,900, kisha atoke. Akitoka mapema anaacha faida, akichelewa anajitia hasara. Bei inasimama pale wa mwisho kutoka alipotokea, kwa hiyo mshindi analipa karibu thamani ya wa pili, na hesabu ni ileile. Tofauti ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuona 3,900 ikiandikwa, na hakuna mkulima atakayeuliza imekwenda wapi.

Kuna faida nyingine, na kwangu hii ni kubwa kuliko ya macho. Wachumi Kagel, Harstad na Levin walipowapima watu maabarani, katika utafiti uliotoka mwaka 1987, walikuta kwamba kwenye bahasha ya bei ya pili wengi wanaandika zaidi ya thamani yao, ilhali kwenye mnada wa kupanda haraka sana wanatulia kwenye thamani yao. Haishangazi. Bahasha inakutaka ufikirie hali zote kwa pamoja kabla hujajua lolote. Mnada wa kupanda unakuuliza swali moja kila mara: hii bei ya sasa, bado unaitaka?

Upande wa pili una hoja nzito, na si ile ya mia na hamsini.

Ya kwanza ni bei ya kikomo, yaani bei ya chini ambayo chini yake mzigo hauuzwi. Mwaka 1990 New Zealand iliuza masafa ya mawasiliano kwa bahasha za bei ya pili bila kuweka bei ya chini. Kampuni moja iliandika dola 100,000 za huko, ikalipa dola 6, kwa sababu aliyeifuata aliandika 6. Mwanafunzi mmoja aliandika dola 1 kwa leseni ya televisheni ya mji mdogo, akakosa mpinzani, akaichukua bure. Kosa lilikuwa la kuacha kikomo, si la kanuni. Kikomo hakiharibu ukweli wa madau hata kidogo, kwa sababu kwa mnunuzi ni kama mpinzani mmoja zaidi aliyekwisha kuandika bei yake.

Ya pili ni njama, na hapa kanuni yenyewe ina udhaifu. Wanunuzi wakikubaliana kwenye bahasha ya kawaida kwamba leo achukue fulani kwa 3,450, yeyote kati yao anaweza kuandika 3,451 na kuwazunguka. Kishawishi hicho ndicho kinachovunja makundi. Kwenye bei ya pili, aliyeteuliwa anaandika 3,900, wengine wanaandika bei ya kikomo, na msaliti akitaka kumzunguka lazima apite 3,900 na kulipa 3,900. Hana anachopata, kwa hiyo kundi linadumu. Mnada wa kupanda una tatizo hilohilo. Mkoa wa Mtwara, ambako mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnada hadi serikali ikatangaza kununua kwa 3,300, hauwezi kulipuuza hili. Sisemi mwaka ule kulikuwa na njama, maana bei inaweza kushuka bila mtu kula njama. Nasema kanuni ya malipo haiwezi kumlinda mkulima dhidi ya wanunuzi watatu wanaokunywa chai pamoja. Kinachomlinda ni kikomo kizuri na wingi wa wanunuzi.

Ya tatu inagusa msingi wa hoja yote. Nimesema mnunuzi "anajua" thamani yake ni 3,900. Kwa korosho hajui kwa uhakika. Thamani inategemea gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kokwa, 48 au 52, na bei ya Vietnam mzigo utakapofika, na mambo hayo yanawahusu wanunuzi wote kwa pamoja. Anayeshinda kwenye bahasha huenda ni yule tu aliyekosea makadirio kwa kuzidisha. Hapo kuandika makadirio yako kama yalivyo si mkakati unaotawala tena, lazima ujikate kidogo. Mnada wa kupanda una nafuu, kwa sababu kila anayetoka anawaambia waliobaki alichokiona. Milgrom na Weber walionyesha mwaka 1982 kwamba katika hali za namna hii mnada wa kupanda humpa muuzaji wastani mkubwa kuliko bahasha ya bei ya pili.

Loti nyingi zikiuzwa pamoja kwa bei moja inayopanda, ukweli unayumba tena. Loti ni mbili na bei inaanzia 3,400. Mimi nazitaka zote, kila moja kwa 3,900, na mpinzani anataka moja tu, mwisho wake 3,700. Nikipigania zote nazipata kwa 3,700, faida 200 mara mbili. Nikimwachia moja mwanzoni kabisa, mnada unaishia 3,400 na faida yangu kwenye loti moja ni 500. Nitamwachia.

Kwa hiyo ningeshauri vyama vikuu vya ushirika viuze loti mojamoja kwa mnada wa kupanda, na kikomo kipangwe kabla ya wanunuzi kuonekana. Kisha mtu akae na orodha ya bei ambazo kila mnunuzi alitokea. Wanunuzi wenye thamani tofauti hutoka wakiwa wametawanyika. Ikiwa kwa kila loti wote wanatoka hatua moja tu juu ya kikomo isipokuwa mmoja, na huyo mmoja anabadilika kwa zamu, orodha hiyo ipelekwe kwa wanaosimamia ushindani kabla ya mnada wa wiki inayofuata.