Sekunde za mwandishi katika skripti ya gemu

"Mwandishi aandike maneno, kamera na muda atuachie sisi." Hoja hii ya wahuishaji ina uzito, hasa kuhusu kamera. Anayeandika kwamba kamera imzunguke mhusika huenda hajui kuwa nyuma yake kuna ukuta, na agizo moja la namna hiyo linaweza kumpotezea mhuishaji siku nzima. Kwa hiyo skripti itaje kile ambacho mchezaji lazima akione, na njia ya kukionyesha iachwe kwa anayeiona nafasi yenyewe.

Muda, hata hivyo, ni suala jingine. Tuchukue muhtasari wa sentensi moja: Neema anamwambia mama yake kuwa mashua imerudi bila kaka yake. Katika skripti unakuwa shoti tatu, kwa kasi ya fremu 30 kwa sekunde. Ya kwanza ni ya mashua ikigusa mchanga, fremu 90. Ya pili ni uso wa mama, huku sauti ya Neema ikitoka nje ya picha: "Mama, mashua imerudi tupu." Ya tatu ni mikono ya mama ikiachia kamba, fremu 60.

Shoti ya pili ndiyo yenye mtego. Wengi hukadiria mazungumzo kwa kipimo kilichozoeleka katika Kiingereza, maneno 150 kwa dakika, na kwa kipimo hicho maneno manne ya Neema yanapata sekunde 1.6, yaani fremu 48. Lakini maneno yetu ni marefu: sentensi hiyo ina silabi 11, na kwa mwendo wa silabi tano kwa sekunde inahitaji sekunde 2.2, yaani fremu 66. Mwandishi alikusudia fremu 15 kabla ya sauti na 45 za kimya baada yake, jumla 126. Kadirio la maneno linatoa 108, na fremu 18 zinazopungua zinamegwa kutoka kwenye kimya, kwa sababu sauti haikatiki. Mama anabaki na fremu 27, pungufu ya sekunde moja, za kupokea habari ambayo shoti nzima iliwekwa kwa ajili yake. Mhuishaji hana namna ya kujua kuwa kimya kile kilikusudiwa, kama skripti haikukiandika.

Ni kweli kwamba rekodi ya mwigizaji hubadilisha hesabu. Akiisema sentensi kwa sekunde 2.8, zinahitajika fremu 18 zaidi, na kama muziki umeshapimwa kwa jumla ya fremu 276, lazima kitu kipunguzwe. Ndiyo maana namba peke yake haitoshi: mwandishi aweke pembeni ya kila shoti neno "inapungua" au "haipungui". Hapa mashua ishuke hadi fremu 72, na kimya cha mama kibaki na zake 45.