Bosi Ameshaondoka Kiwandani, Lakini Shahidi wa Kazi Yako Bado Ni Yeye

Nafanya kazi ya rasilimali watu hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kuwapigia simu wadhamini wa watu walioomba kazi. Kuna jambo linaniumiza kila ninapoliona, kwa sababu linawanyima nafasi watu wanaostahili kabisa. Mtu amesimamiwa na meneja mmoja kwa miaka, meneja yule ameacha kazi, na mwombaji anapofika kwenye sehemu ya wadhamini anashikwa na wasiwasi. Wengine wanamwacha kabisa na kumweka mtu wa masijala ambaye hajawahi kuiona kazi yao. Wengine wanamwandika kana kwamba bado anakaa kwenye kiti kilekile.

Wa kwanza wanajipatia mdhamini asiye na la kusema. Wa pili wanaonekana waongo, hata kama hawakukusudia. Msimamo wangu ni kwamba aliyekusimamia ndiye aliyeona kazi yako, na hayo aliyoyaona hayabaki ofisini siku anaporudisha funguo. Mwandike, ila andika wazi kwamba ameondoka.

Nieleze kwa mfano wa binti mmoja aliyekuwa mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara huku Ilemela. Kazi yake ilikuwa kupima joto la samaki wanaposhushwa, kupima klorini kwenye maji ya kuoshea, kujaza fomu za kila zamu, na kuzuia mzigo usiingie kwenye mstari wa kukata minofu pale joto linapokuwa limepanda. Meneja Ubora aliyemsimamia aliacha kazi akahamia Dodoma, kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti. Baadaye binti akaomba kazi Musoma. Kwenye wasifu wake akaandika jina la yule bosi, cheo cha "Meneja Ubora", namba ya mezani ya kiwanda na barua pepe ya ofisi.

Simu ilipopigwa, dada wa mapokezi alijibu anachojua: "Huyo hayupo hapa, aliondoka zamani." Barua pepe ikarudi, anwani imeshafungwa. Sasa jiweke kwenye kiti cha anayeajiri. Ana mafaili mengi mezani, na kwenye hili mdhamini wa kwanza hapatikani mahali alipotajwa. Hana namna ya kujua kama mwombaji amesahau, ameshindwa kumtafuta, au ametunga. Mara nyingi hana muda wa kuuliza. Faili linasogezwa pembeni na mwenye faili hatajua kamwe sababu.

Wasifu uleule ungesomeka hivi:

"Aliyekuwa Meneja Ubora wa kiwanda (jina la kiwanda), na msimamizi wangu wa moja kwa moja kuanzia Machi 2020 hadi Juni 2022. Kwa sasa ni Meneja Uzalishaji, Dodoma. Simu na barua pepe binafsi:"

Neno "aliyekuwa" linamwambia anayepiga asitafute kiwandani. Miezi inamwonyesha ni kipindi gani cha kazi yako huyu mtu anaweza kukizungumzia, maana hawezi kusema lolote kuhusu mwaka uliofuata baada ya yeye kuondoka. Cheo chake cha sasa kinaonyesha kwamba bado mnawasiliana. Kisha, chini yake, weka mtu wa rasilimali watu wa kiwanda kilekile. Huyo hatasema mengi, na hatakiwi kusema mengi. Yeye anathibitisha tarehe na cheo kutoka kwenye faili, na bosi wako wa zamani anaeleza kazi. Tangazo likitaka wadhamini watatu, kama ilivyo kawaida kwenye matangazo ya utumishi wa umma yanayopitia Ajira Portal, wawili hao tayari wameshikana mikono, na wa tatu anaweza kuwa mwalimu wako wa chuo au msimamizi mwingine.

Lakini kabla ya jina lake kuingia kwenye wasifu, mpigie. Usianze na ujumbe kama mmekaa mwaka mzima bila kusalimiana. Mpe shikamoo yake, muulize habari za familia na kazi mpya, halafu useme shida yako. Swali lenyewe ndilo watu wanalikosea. Ukimuuliza, "Bosi, naomba uwe mdhamini wangu," karibu kila mtu atajibu "hamna shida", kwa sababu kwetu kumkatalia mtu aliyekupa shikamoo ni aibu. Muulize hivi: "Bosi, kwa kazi niliyoifanya chini yako, unaona unaweza kunizungumzia vizuri kwa nafasi ya mkaguzi mkuu wa ubora? Kama unaona kuna mwingine anayeijua zaidi, niambie tu, sitaona vibaya." Umemfungulia mlango wa kutoka bila kukosa heshima. Akikuambia "wewe mbona nakujua, waambie wanipigie hata kesho", umepata mdhamini. Akisema "tutaona" au "nitumie kwanza halafu nitaangalia", kisha ujumbe wako ukakaa siku kadhaa umesomwa bila jibu, mshukuru na utafute mwingine.

Mweleze pia kwamba hasaini dhamana ya fedha. Wapo mameneja wanaosita kwa sababu waliwahi kumdhamini mtu wa kushika pesa, na zilipopotea wakafuatwa wao. Anatakiwa kueleza alichokiona tu.

Akikubali, mtumie ujumbe wa kumkumbusha. Tangu aondoke amesimamia watu wengine wengi, na hata kama anakupenda, hakumbuki tarehe. Nimeshapiga simu nikasikia meneja mwenye nia njema kabisa akisema, "Ndiyo, alikuwa mchapakazi sana, nafikiri alikaa kama mwaka hivi," wakati wasifu unasema miaka miwili na miezi mitatu. Tofauti hiyo inaleta maswali yasiyo ya lazima. Binti wetu angemwandikia hivi:

"Bosi, asante sana. Nilikuwa chini yako Machi 2020 hadi Juni 2022, mkaguzi wa ubora, zamu ya usiku kwanza kisha mchana. Labda utakumbuka lile lori lililofika barafu imeyeyuka, nikazuia mzigo mpaka ulipofika ukapima mwenyewe. Nimeomba nafasi ya mkaguzi mkuu Musoma. Wanaweza kukupigia wiki ijayo, namba itakuwa ngeni kwako."

Tukio moja kama hilo la lori lina uzito kuliko sifa kumi. Likitoka kinywani mwa bosi, anayeajiri analisikia kwa mtu aliyekuwepo. Usimwandikie la kusema, mkumbushe tu lililotokea. Na hilo la namba ngeni usiliache, maana wengi wetu hatupokei namba tusizozijua. Kama bosi wako anasafiri sana, muulize saa gani anapatikana uiandike kando ya namba yake. Aliye kwenye meli ya kwenda Nansio hapatikani katikati ya ziwa, na anayeajiri hatapiga mara tano.

Sasa nije kwenye mhuri, kwa sababu hapo ndipo naona hatari kubwa zaidi. Baadhi ya waajiri wanataka barua badala ya simu, na tumezoeshwa kwamba barua isiyo na mhuri si barua. Basi mtu anamwomba bosi aliyeondoka aandike kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni ya zamani, halafu rafiki aliyebaki masijala anagonga mhuri. Nasema bila kumung'unya maneno: usikubali. Siku aliyoacha kazi, meneja yule alipoteza mamlaka ya kusaini kwa jina la kampuni. Barua yenye tarehe ya mwaka huu, nembo ya kampuni na sahihi ya mtu aliyeondoka miaka miwili nyuma inagundulika kwa simu moja tu. Ikigundulika, umejiharibia wewe, yeye, na rafiki aliyegonga mhuri anaweza kupoteza kazi.

Barua halali ya bosi aliyeondoka inaandikwa kwenye karatasi ya kawaida, na kuwekwa jina lake, anwani yake ya sasa na simu yake. Aya ya kwanza iseme kwamba anaandika kwa nafsi yake, kwamba alikuwa meneja wa kitengo fulani kuanzia mwezi huu hadi ule, na kwamba alikusimamia kwa kipindi kilichotajwa. Asiandike kwenye karatasi ya mwajiri wake mpya pia, isipokuwa ameruhusiwa, kwa kuwa mwajiri huyo hakujui. Upande wa kampuni unajazwa na cheti cha utumishi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akupe cheti hicho ajira inapokwisha. Wengi hawakiombi, wanapokea mafao na kuondoka. Kiombe kwa maandishi, hata kama umeshaondoka. Cheti hakisemi ulifanya kazi vizuri, lakini kinafunga mjadala wa tarehe na cheo, na mhuri wake ni halali.

Yupo bosi mgumu, na wagumu hawafanani. Wa kwanza hana tatizo na wewe, ana tatizo na kampuni. Aliondoka kwa ugomvi, na akipigiwa simu dakika za mwanzo zote ni za mishahara iliyochelewa na wenye kiwanda wasiosikiliza. Anayeajiri anakata simu akiwa amejua mengi ya kiwanda na hajajua lolote la kwako. Huyu usimwache, ila zungumza naye kwa adabu: "Bosi, najua yaliyokupata pale. Naomba wakikupigia ubaki kwenye kazi yangu ya maabara tu." Wengi wanaelewa. Akianza kukusimulia upya ule ugomvi hata baada ya ombi hilo, ujue na kwao atausimulia.

Wa pili ana tatizo na wewe. Mliachana vibaya, au aliwahi kukupa onyo la maandishi. Usimweke kwa matumaini kwamba muda umempoza. Mtafute mwingine aliyeiona kazi yako kwa macho: msaidizi wake, au mkuu wa uzalishaji ambaye mizigo yake ulikuwa unaipitisha na kuizuia. Mwajiri mpya akikuuliza kwa nini hukumtaja msimamizi wa moja kwa moja, jibu kwa sentensi mbili bila kumsema vibaya: hatukuelewana kwenye miezi ya mwisho, na huyu niliyemtaja aliiona kazi yangu kila siku. Onyesha cheti cha utumishi. Nikisikia jibu la namna hiyo, lenye utulivu, huwa siendi kumtafuta yule mwingine. Lakini wapo waajiri watakaomtafuta, kwa sababu mji wenyewe unajuana na viwanda ni vichache. Kwa hiyo kama kuna onyo kwenye faili, litaje wewe kwanza kwenye usaili, useme lilihusu nini na ulibadilisha nini, kabla hawajalisikia kwa mtu mwingine.

Majibu yakitoka, mpigie mdhamini wako umwambie, hata kama umekosa. Binti yule baadaye aliwaambia waajiri wa Musoma ukweli kuhusu bosi wake, akawapa namba ya Dodoma, na bosi akaeleza mwenyewe habari za lile lori.