Msingi wa altikoini hukomaa lini? Solana ya 2022 na Solana ya 2023

Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba 2022, chati ya Solana, au SOL kwa kifupi, moja ya altikoini, yaani sarafu za kidijitali zisizo Bitcoin, ilichora mstatili ambao mwanafunzi yeyote wa chati angeutambua. Sakafu ilikuwa kwenye dola 26 hadi 30, dari kwenye dola 45 hivi, na bei ikawa inakwenda na kurudi humo kwa karibu miezi mitano. Sarafu ilikuwa imeshapoteza zaidi ya asilimia 80 kutoka kilele chake cha dola 260 cha Novemba 2021. Waliokuwa wananunua pale chini walikuwa na hoja nzito: bei imeshaanguka mno, wauzaji wamechoka, sakafu imeshikilia mara kadhaa. Kisha FTX, soko la sarafu za kidijitali lililokuwa limeshika lundo la SOL, ikaanza kuyumba, na ndani ya siku chache sarafu ikatoka juu ya dola 30 hadi kwenye 14 hivi. Mwisho wa Desemba ilikuwa dola 8.

Mwaka uliofuata sarafu hiyohiyo ilichora msingi mwingine, yaani eneo ambamo bei hutembea upande baada ya kuanguka, mpana zaidi na wenye umbo la bakuli, na safari hii bei ilitokea juu. Ukiweka misingi hii miwili bega kwa bega unapata picha nzuri ya mabishano ya siku zote kati ya wanaonunua ndani ya msingi na wanaosubiri dari ivunjwe. Pande zote mbili zina haki kwa kiasi fulani, ila nadhani zote hutazama kigezo kisicho sahihi: moja hutazama muda, nyingine hutazama mshumaa mmoja.

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo la kiufundi linaloharibu uchambuzi mwingi. Sarafu iliyotoka 260 hadi 8 imepoteza asilimia 97. Ukiitazama kwenye skeli ya kawaida, kila kitu kinachotokea baada ya hapo kinabanwa chini kabisa ya kioo, na sarafu yoyote iliyoanguka hivyo itaonekana kama bakuli laini, hata ile inayoendelea kufa. Kupanda kutoka 8 hadi 26, ambako ni zaidi ya mara tatu, kunaonekana kama mkunjo mdogo tu. Iweke kwenye skeli ya Log, ambako asilimia sawa huchorwa kwa urefu sawa, na chati inabadilika kabisa. Solana ya 2023 haikuwa bakuli laini. Ilikuwa shimo kali la Desemba, mruko wa Januari, kisha miezi ya kutembea upande kati ya dola 13 na 32. Anayeita bakuli na anayeita mstatili mpana wote wanaweza kujitetea, na mimi sioni sababu ya kuwagombanisha. Cha muhimu ni mabonde yaliyomo ndani yake.

Mabonde yenyewe ni haya. Baada ya kufika dola 26 hivi katikati ya Januari 2023, bei ilishuka hadi karibu 16 mwezi Machi, wakati Silicon Valley Bank ilipoanguka, ikapanda tena hadi 25 na kitu mwezi Aprili. Mwanzoni mwa Juni, SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, iliyashtaki masoko ya sarafu ya Binance na Coinbase, na kwenye hati za mashtaka ikaitaja SOL miongoni mwa tokeni ilizoziona kuwa dhamana za uwekezaji zisizosajiliwa. Bei ikaporomoka hadi 13 hivi. Julai ikapanda hadi 32, na Septemba ikashuka hadi 17 na senti kidogo, soko lilipokuwa linasubiri mahakama iruhusu FTX iliyofilisika iuze mali zake, zikiwemo SOL nyingi mno.

Kwa dola, bonde la Juni lilikuwa juu ya shimo la Desemba: 13 dhidi ya 8. Mtu angesema msingi unapanda. Lakini gawanya kwa bei ya Bitcoin. Desemba, Bitcoin ilikuwa dola 16,600 hivi, kwa hiyo SOL moja ilikuwa na thamani ya karibu 0.00048 BTC. Juni, Bitcoin ilikuwa imepanda hadi karibu 25,700, na SOL ya dola 13 ikawa sawa na 0.0005 BTC. Yaani miezi sita ya kinachoitwa kujenga msingi haikuleta karibu chochote. Kupanda kwa bonde kulikuwa ni kupanda kwa Bitcoin. Aliyekuwa anashika SOL alikuwa amebeba hatari kubwa zaidi kwa faida ambayo Bitcoin yenyewe ingempa.

Septemba hesabu ilikuwa tofauti. Bitcoin ilikuwa dola 25,000 hivi, chini kidogo ya Juni, na SOL ikashikilia kwenye 17. Hiyo ni karibu 0.0007 BTC. Safari hii bonde lilikuwa juu waziwazi ya lile la Juni kwa vipimo vyote viwili. Na angalia habari iliyokuwa mezani: muuzaji mkubwa anayejulikana kwa jina, mwenye lundo la sarafu hiyohiyo, anapewa ruhusa ya kuuza. Ruhusa ilitolewa tarehe 13 Septemba, ikiwa na ukomo wa kiasi cha kuuza kwa wiki, na sehemu kubwa ya SOL hizo ilikuwa bado imefungwa. Bei haikwenda kwenye 13, sembuse 8. Ilikuwa imeshafika chini siku mbili kabla ya uamuzi, kisha ikaanza kupanda.

Hapo ndipo ninapoweka alama ya ukomavu. Si idadi ya wiki, wala si mara ngapi sakafu imeguswa. Ni pale habari mbaya ya kweli, inayohusu wauzaji wa sarafu hiyo moja kwa moja, inapotua na bei ikaishia kwenye bonde la juu zaidi kwa dola na kwa Bitcoin. Mstatili wa 2022 haukuwahi kupita mtihani huo. Kipindi chote cha Juni hadi Oktoba sakafu ilishikilia kwa sababu hakuna aliyeisukuma kwa nguvu; mshika lundo mkubwa, FTX, alikuwa bado hajalazimika kuuza. Siku soko lilipoelewa kwamba atalazimika, miezi mitano ya sakafu haikusaidia kitu.

Sasa tuwape haki wanaosubiri. Wanasema mambo hayo yote ni rahisi kuyasoma baadaye, na kwamba mtu wa kawaida afadhali asubiri wiki ifunge juu ya dari. Kwa Solana wangefanikiwa. Wiki ya mwisho ya Oktoba 2023 ilifunga kwenye dola 32 au 33, juu ya dari ya 26 na 27 iliyokuwa imezuia bei mara kadhaa, ukiacha mruko wa Julai, na bei haikurudi tena huko chini. Katikati ya Novemba ilikuwa 60, na Krismasi ilikuwa imepita 120.

Lakini miezi mitatu tu kabla ya hapo, altikoini nyingine, XRP, ilikuwa imeonyesha udhaifu wa kanuni hiyo. Tarehe 13 Julai 2023 hakimu wa New York aliamua kwamba mauzo ya XRP kwenye masoko ya wazi hayakuwa mauzo ya dhamana. Bei ikaruka kutoka 0.47 hadi juu ya 0.80 siku hiyohiyo, ujazo wa miamala ukawa mkubwa ajabu, na wiki ikafunga mbali juu ya dari ya 0.55 hivi iliyokuwa imeisumbua tangu mwaka uliotangulia. Masharti yote ya kitabuni yalitimia. Katikati ya Agosti bei ilikuwa imerudi kwenye 0.50, ndani ya mstatili, na haikutoka kwa kweli hadi Novemba 2024, ilipoanza kupanda na kupita dola 2 ndani ya wiki chache. Aliyesubiri dari ivunjwe kisha ijaribiwe kwa kurudi nyuma angeepuka mtego wa XRP. Mtu huyohuyo angeikosa Solana kabisa, kwa kuwa haikurudi kuijaribu.

Basi tofauti ya kweli kati ya kambi hizi ni ya hesabu, na hesabu hiyo inastahili kufanywa kwa tarakimu. Chukua mtu aliye tayari kupoteza dola 100 kwa biashara moja. Akinunua SOL kwa 19 mwishoni mwa Septemba 2023 na kuweka amri ya kukata hasara kwenye 16.50, chini ya bonde jipya, anahatarisha dola 2.50 kwa kila SOL, kwa hiyo ananunua 40. Anayesubiri ananunua kwa 33 na kukata kwenye 26, chini ya dari ya zamani. Anahatarisha dola 7, ananunua 14. Bei ikifika 60, wa kwanza ana faida ya dola 1,640, wa pili dola 378, na wote walihatarisha karibu kiasi kilekile.

Ukiishia hapo unaona wa kwanza ameshinda. Ila huyo huyo, kama alikuwa ananunua kila sakafu inapoonekana, angekatwa kwenye mstatili wa 2022, angekatwa Machi 2023 au Juni 2023, pengine zote. Hasara tatu za dola 100 bado zinafidiwa na faida moja ya namna hiyo, lakini tu kama alizihesabu mapema na hakuongeza ukubwa kwa hasira. Tena novemba ile ya FTX bei ilikuwa inaanguka kwa kasi, na amri ya kukata kwenye 26 ingeweza kutekelezwa chini zaidi ya hapo. Hasara ya dola 100 ingeweza kuwa 150 au zaidi. Kwa hiyo naona kununua ndani ya msingi kuna mantiki baada ya mtihani wa Septemba, na hakuna mantiki kabla yake. Nusu moja pale, nusu nyingine wiki inapofunga juu ya dari, ni mgawanyo ninaoweza kuutetea.

Yote haya yanaanguka kwa aina moja ya sarafu: ile ambayo tokeni zake nyingi bado hazijaachiwa sokoni. Arbitrum iliachia tokeni bilioni 1.1 kwa timu na wawekezaji tarehe 16 Machi 2024, na kwa siku moja ARB zilizo mikononi mwa watu zikakaribia kuongezeka maradufu, kisha kila mwezi zikaendelea kuachiwa nyingine. Kuanzia katikati ya Aprili hadi Mei bei ilitembea karibu na dola 1 kwenye kitu kilichofanana na mstatili, lakini muuzaji hakuwa amechoka. Alikuwa anapokea mzigo mpya kwa ratiba. Agosti ARB ilikuwa chini ya 0.60. Kwa sarafu kama hiyo kalenda ya kuachia tokeni inafunguliwa kabla ya chati, na bonde lililotokea kabla ya mzigo mkubwa kushuka silihesabu kuwa mtihani.