Bosi kasema "kazi nzuri", afu hapohapo kakupa kazi nyingine

Kuna dada ni mhasibu kwenye kampuni moja pale Mikocheni, wapo wawili tu idara nzima. Tarehe 6 jioni kamaliza kupandisha ritani za kodi za mishahara, PAYE na SDL, maana mwisho ni tarehe 7, akamtaarifu bosi kwenye WhatsApp. Jibu likaja: "Kazi nzuri sana. Sasa nianzie VAT, nataka kuiona kesho." Akanitumia akauliza, hivi huyu kanisifia au kanibana?

Watu wengi hapa mjini wakipata meseji ya hivi wanahangaika na ile sifa, mbona fupi, mbona haina hata emoji, mimi naona tunaangalia sehemu ambayo sio. Bosi aliyekwama kwenye foleni ya Mwenge akikuandikia maneno mawili ujue tu ameona kazi imefika, huwezi kupima moyo wake hapo. Cha kuangalia ni hiyo kazi iliyofuata, kwanza ni kazi gani na pili huo muda umetoka wapi.

Tuanze na muda. Ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo pale kulikuwa na wiki mbili mkononi, na bosi anasema kesho. Hapo ndipo penye swali la kweli. Inawezekana ana sababu, labda anasafiri, labda mwezi uliopita risiti za EFD za manunuzi zilipungua ikabidi watu wakimbizane na wauzaji dakika za mwisho. Inawezekana pia hana sababu yoyote, kasema kesho kwa sababu anajua huyu dada hakatai. Kwa kuisoma ile meseji tu hutajua hata ukiirudia usiku kucha.

Nikamwambia usimuulize "bosi umefurahi kweli?", muulize kuhusu kazi. Akaandika hivi: "Asante bosi. Nimeshika kulinganisha mahesabu ya benki, nilikuahidi kesho. Nimalize hiyo kwanza au niiweke pembeni nianze na VAT?" Ni swali la heshima kabisa, hajakataa kitu, ila limemlazimisha bosi aone kwamba mikono ya huyu mtu ina kitu tayari.

Bosi akajibu: "Maliza benki. VAT nipe tarehe 14 nipate muda wa kuipitia. Risiti zipange kwa muuzaji kama mwezi uliopita, ilinisaidia sana." Mimi kwa jibu hilo nasema ile sifa ilikuwa ya kweli, na sio kwa sababu ya neno "sana". Tarehe imesogea baada ya kuona mzigo, na anakumbuka kitu maalum alichofanya huyu dada, zile risiti, maana yake kazi aliifungua akaisoma. Bosi anayetumia sifa kama mafuta ya kulainishia hana habari ndani ya faili kuna nini, kwake kazi nzuri ni kwamba imeisha basi.

Jibu lingekuwa "zote kesho, nakuaminia", bila sababu, hiyo ni presha na imevalishwa nguo nzuri tu. Ingawa na hapo nisingehukumu kwa siku moja, maana hata bosi mzuri ana siku zake mbaya. Ningeangalia miezi miwili mitatu: kuna siku anakusifia bila kuambatanisha kazi? Anakutaja mbele ya wengine au ni inbox tu? Na zile kazi zinapanda, kwa mfano siku moja anakwambia wewe ndio ukae na mkaguzi, au kila siku ni viporo vya mwenzako aliyeacha kazi na nafasi yake haijajazwa?

Na kama ni hivyo viporo, hapo maswala ya hisia yaishe tuongelee masaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, ovataimu iwe kwa makubaliano, isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. (Baadhi ya wasimamizi masaa haya hayawahusu, so angalia cheo chako kwanza.) Huyo dada nimemshauri aanze kuandika saa anayotoka ofisini kila siku, kwenye daftari lake, hata sasa ambapo bosi wake anaonekana muungwana. Mkataba wake unaisha Desemba, na kwenye mazungumzo ya mkataba mpya lile daftari atalihitaji kuliko zile meseji za hongera.