Kababu Hazivunjiki kwa Kukosa Yai

Jumamosi jioni nilimkuta mdogo wangu jikoni akitaka kuvunja yai la tatu katika nusu kilo ya nyama ya kusaga, kwa kuwa kababu za mkupuo wa kwanza zilikuwa zimesambaratika kikaangoni. Nilimshika mkono. Inaniuma kuona kila kababu inapovunjika lawama inabebeshwa yai, ilhali yai la ziada ni majimaji yanayozidi kuilegeza nyama.

Kwa nusu kilo, yai moja na slesi moja ya mkate iliyolowekwa kisha ikakamuliwa vinatosha. Kinachoshika hasa ni nyama yenyewe: ikikandwa pamoja na chumvi kwa dakika tatu au nne, hutoa utomvu unaonata mpaka vidoleni. Kitunguu kikatwe kidogo kidogo na kukamuliwa, kwani maji yake huwa mvuke ndani ya kababu na kuipasua.

Hata hivyo, mchanganyiko mzuri huharibiwa na haraka ya mkono, na hapa ndipo ninapowasihi wapishi wavumilie. Nyama mbichi ikigusa chuma hunata kwanza. Baada ya dakika chache upande wa chini hukauka, hufanya ukoko wa kahawia, kisha hujiachia wenyewe. Anayeigeuza kabla ya hapo huurarua ukoko na kuuacha umeganda kikaangoni, na kila mgeuzo unaofuata huibomoa zaidi. Subiri rangi ya kijivu ipande ubavuni hadi karibu nusu ya unene, kisha itikise kikaango taratibu. Kababu ikiteleza, igeuze mara moja tu, kwa mwiko bapa uliopitishwa chini yake yote. Isipoteleza, iache.

Moto uwe wa wastani, na mafuta yafunike sakafu ya kikaango. Tia kijipande cha nyama kwanza: kikikaa kimya, mafuta hayajapata moto, kikiungua papo hapo, yamezidi. Usijaze kikaango, kwa sababu kababu zilizobanana huyapoza mafuta, zikachemka katika maji yake na zisipate ukoko. Nakubali kwamba kikaango kisichonata humsamehe mwenye haraka, lakini nacho hakiokoi nyama iliyolowa.

Mayai mawili yalikuwa yameshaingia, basi tuliongeza chenga za slesi mbili za mkate mkavu, tukakanda upya, tukafinyanga kababu 12 zenye unene wa sentimita mbili, tukaziweka kwenye friji nusu saa. Tulizikaanga nne nne, dakika nne upande wa kwanza na kama hizo upande wa pili, kisha tukapasua moja kuhakikisha kuwa katikati hapana wekundu. Kumi na moja zilitoka nzima. Iliyovunjika ni ile ambayo mdogo wangu aliichokonoa katika dakika ya kwanza.