Msaidizi wa Duka Azime Tangazo, Asiguse Kingine

Kuna Ijumaa jioni raba nyeupe ziliniisha dukani, kuanzia namba 38 hadi 40, yaani zile namba zinazouzika. Zikabaki 36 na 42. Tangazo lake la mtandaoni likaendelea kutembea Jumamosi hadi Jumanne kwa dola 6 kwa siku. Siku nne, dola 24, meseji 31 za WhatsApp, jozi mbili zilizouzwa. Mimi nilikuwa nyumbani nachungulia simu na kufurahia meseji zinavyomiminika. Binti anayeniuzia duka, huku Kariakoo, alikuwa anajibu "zimeisha dada, ila nyeusi zipo" mpaka kidole kikachoka. Nilipomuuliza mbona hakuniambia, akasema, "Dada, mi nilijua matangazo ni ya kwako."

Alikuwa sahihi. Sikuwahi kumwambia vinginevyo.

Baada ya hapo nikaenda upande wa pili kabisa. Nikampa ruhusa ya `Manage campaigns` kwenye akaunti ya matangazo, nikamwambia aangalie kila asubuhi na arekebishe anachoona hakiko sawa. Wiki haikuisha. Aliona wateja wa Mbagala wanauliza bei ya kuletewa kisha wanapotea, basi akapunguza eneo la tangazo kutoka Dar es Salaam nzima hadi Ilala na Kinondoni. Kwa akili ya dukani alikuwa na hoja. Ila mtandao hauoni hoja, unaona walengwa wamebadilika, kwa hiyo unaanza upya kujifunza nani wa kuonyeshwa tangazo. Meta wenyewe, wenye Facebook na Instagram, wanasema kundi la matangazo huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja ndipo litulie. Meseji iliyokuwa inatugharimu senti 40 za dola ikapanda hadi senti 95 kwa siku tano, na kwa kuwa siku hiyohiyo nami nilikuwa nimebadilisha picha, hatukuweza kujua lawama ni ya nani.

Hapo ndipo nilipopata msimamo nilionao sasa. Aliye dukani ndiye anayefaa kukagua matangazo kila siku, kwa sababu ndiye anayejua kilichopo kwenye shelfu. Ila mkono wake uishie kwenye swichi ya kuzima. Kuzima ni kosa la bei rahisi: tangazo likizimwa leo asubuhi kimakosa, mchana nalirudisha, na likisimama kwa muda usiofika siku 7 halihesabiwi kama mabadiliko makubwa ya kuanzisha upya kujifunza. Kubadilisha picha au walengwa hakurudi nyuma hivyo. Na bajeti ndiyo kabisa, maana 6 na 60 zinatofautiana kwa kidole kimoja kilichoteleza.

Shida ni kwamba mfumo hauna ruhusa ya "kuzima tu". Ipo `View performance`, inayomfanya mtu aone bila kugusa, kisha inafuata `Manage campaigns`, inayofungua karibu kila kitu. Kwa hiyo mpaka wenyewe unaandikwa kwenye karatasi, na kwenye akaunti unaweka kikomo cha jumla cha matumizi. Changu ni dola 60, nakiongeza mwenyewe kila kinapokaribia. Hata 6 ikigeuka 60, hasara haivuki hapo.

Karatasi yetu ni nusu ya A4, imebandikwa kwa soltepu ndani ya mlango wa kabati la vifungashio. Saa 3 asubuhi, kabla wateja hawajaanza kujaa, anafungua ripoti na kuchagua `Yesterday`. Hachagui `Today`, kwa kuwa namba za asubuhi ni chache mno na humtia mtu kiwewe. Anaandika kwenye daftari pesa iliyotumika na idadi ya meseji. Kisha anaiacha simu na kwenda kwenye shelfu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe: anahesabu kwa mkono jozi za kila kiatu kilicho kwenye tangazo, namba 38 hadi 40. Anasoma bei iliyo kwenye tangazo kwa sauti na kuilinganisha na kibandiko cha kwenye kiatu. Mwisho anajitumia meseji kutoka simu yake binafsi kwenda namba ya duka, aone kama inaingia. Dakika kumi, ikizidi sana kumi na tano.

Sababu za kuzima ni tatu tu: jozi za namba hizo zimebaki chini ya mbili, bei ya tangazo si ya dukani, au simu ya duka haipatikani na hakuna wa kujibu. Anazima tangazo lenyewe, siyo kampeni nzima, halafu ananitumia neno moja na jina la kiatu: "Nimezima, nyeupe." Kingine chochote anakiandika tu daftarini. Nilimweleza pia kwamba ukizima tangazo moja kati ya matatu yanayokula bajeti moja, pesa haibaki mfukoni, inahamia kwa yale mawili. Hilo lilimshangaza kuliko yote.

Mafunzo yalichukua wiki mbili. Wiki ya kwanza alikuwa na `View performance` peke yake, tumekaa kwenye benchi moja, yeye anasoma namba na mimi nauliza, "Kwa hiyo ungefanya nini?" Siku ya tatu aliruka: jana yake ilikuwa imeliwa dola 9.40 badala ya 6. Angekuwa na swichi angezima papo hapo. Nikamwonyesha kwamba Meta inaruhusiwa kuvuka bajeti ya siku hadi kwa asilimia 75, yaani kwetu hadi dola 10.50, mradi Jumapili hadi Jumamosi isizidi bajeti ya siku mara saba, dola 42. Tukaziandika namba hizo mbili juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu. Chini ya hapo, asiniite.

Wiki ya pili nilimtega. Usiku nikapandisha bei ya sendo kwenye kibandiko kwa shilingi 2,000 na sikugusa tangazo. Asubuhi aliweka tiki kwenye bei bila kusimama, akanitumia "zote sawa". Nilimwambia aende aisome kwa sauti. Ule utaratibu wa kusoma kwa sauti ulizaliwa siku hiyo. Kabla yake karatasi ilisema "kagua bei", na jicho lililozoea hukagua kwa kumbukumbu. Kesho yake nikatega kiatu kingine, akanasa. Ndipo nikampa swichi.

Sasa ni miezi minne. Amezima mara tisa, nane kati ya hizo zilikuwa halali. Ile ya tisa alizima kwa sababu mteja alilalamika kuwa picha inapotosha rangi. Haikuwa kwenye orodha, nikairudisha saa 6 mchana, nikamkumbusha, yakaisha. Picha nilikuja kuibadilisha Jumatatu, siku yangu ya kugusa mambo, moja kwa wiki.

Hivi karibuni ameniomba sababu ya nne: mvua. Anasema mvua ikinyesha meseji zinakuja vilevile ila mtu hafiki dukani, kwa hiyo tuzime. Nimekataa kwa sasa, kwa kuwa nahisi wanaouliza siku ya mvua hununua siku mbili mbele. Yeye anabisha. Tumekubaliana achore mstari pembeni ya kila siku ya mvua daftarini, na aandike nani kaja kulipa na lini. Mpaka jana mistari ilikuwa sita.